Mbwa Nyumbani Penye Jamaa Wanaomwogopa au Wasiotaka Kumgusa: Usafi na Mipaka

Kijarida hiki kimeandaliwa kwa ajili ya familia za Waswahili wanaoishi Uingereza na kufuga mbwa, au wanaokusudia kumfuga, ilhali miongoni mwa jamaa zao wamo wanaomwogopa au wanaojiepusha naye kwa sababu ya dini. Hakikusudiwi kumshawishi mtu ampende mbwa, wala kumlaumu anayemfuga. Kinaeleza namna ya kuishi katika nyumba moja bila ya ugonjwa, bila ya majeraha na bila ya kuvunja udugu.

Tuchukue mfano wa nyumba moja ya ghorofa mbili mjini Leicester. Chini kuna sebule, jiko la nyuma na uwanja mdogo. Juu kuna vyumba vitatu. Familia ina mbwa mzima wa wastani. Mama mzazi wa mwenye nyumba anakuja kutoka Mombasa kukaa miezi 3. Yeye hutia udhu mara tano kwa siku na hataki mate ya mbwa yamguse. Pamoja naye atakuja mjukuu wa miaka 5, ambaye mwaka uliopita alikimbizwa na mbwa wa mtaani.

Hofu ina sababu zake

Wenyeji wa Ulaya huona ajabu mgeni kumwogopa mbwa mdogo aliyelala kando ya sofa. Lakini katika Afrika ya Mashariki kichaa cha mbwa kingaliko, na ugonjwa huo ukishaonyesha dalili kwa binadamu, ni nadra sana mtu kupona. Bibi aliyekulia huko alifundishwa jambo la kweli. Nchini Uingereza wanyama wa nchi kavu, mbali na popo, hawana kichaa cha mbwa. Basi mwelezeni hivyo bibi mapema, kabla hajapanda ndege, wala msimcheke. Aulizwe pia anachokitaka: je, aweza kukaa sebuleni mbwa akiwa jikoni, au hataki hata kumwona? Jibu lake ndilo litakalopanga nyumba.

Kuigawa nyumba

Mipaka ya mdomo haidumu. Mipaka ya milango hudumu. Katika nyumba ya mfano wetu, mbwa awe na sehemu yake chini, katika kona ya jiko iliyo mbali na meko na mahali pa kuandalia chakula. Hapo pawepo kitanda chake na bakuli lake la maji. Mlango wa kutoka jikoni kwenda sebuleni uwekewe kizuizi kile cha chuma kinachouzwa kwa ajili ya watoto wadogo, chenye kufungwa kwa komeo. Kizuizi cha pili kiwekwe chini ya ngazi, ili ghorofa ya juu isifikiwe na mbwa kabisa. Huko juu ndiko bibi atakapolala, ndiko atakapotandika msala wake, na ndiko zitakapotunzwa nguo zake za kuswalia.

Kosa la kawaida ni kuweka kizuizi siku ile mgeni anapofika. Mbwa aliyezoea kupanda ngazi atalia na kukwaruza usiku kucha, na mgeni atazidi kuogopa. Vizuizi viwekwe angalau wiki 2 kabla, mbwa apate kuzoea. Kosa la pili ni watoto wa nyumba kuacha kizuizi wazi. Mtu mzima mmoja apewe jukumu la kukikagua asubuhi, adhuhuri na kabla ya kulala.

Mbwa naye asinyimwe haki yake. Atolewe matembezini, alishwe kwa wakati na asifungiwe jikoni siku nzima. Mbwa aliyetembea vya kutosha hulala, na mbwa aliyelala hamsumbui mtu.

Mate, kinyesi na mikono

Katika nyumba, maradhi ya mbwa humfikia binadamu hasa kwa njia mbili: mate na kinyesi. Kinyesi cha mbwa chaweza kuwa na mayai ya minyoo iitwayo toksokara. Kinyesi kikiwa kibichi, mayai hayo bado hayawezi kumwambukiza mtu. Huhitaji wiki 2 au zaidi katika udongo ndipo yakomae. Baada ya hapo yaweza kudumu humo kwa miaka, na dawa za kawaida za kusafishia hayaziogopi. Mtoto akichezea udongo huo kisha akatia vidole kinywani, viluwiluwi vya minyoo huweza kusafiri mwilini na, kwa nadra, kuharibu jicho. Kwa hiyo dawa bora ni kuokota kinyesi kila siku kabla mayai hayajakomaa, na kumpa mbwa dawa ya minyoo angalau kila miezi 3. Penye watoto wadogo, daktari wa wanyama aweza kushauri atibiwe mara nyingi zaidi.

Kuharisha kwa mbwa, hasa mtoto wa mbwa, kwaweza kuwa dalili ya kampilobakta, na nyama mbichi anayolishwa yaweza kuleta salmonela jikoni. Katika nyumba yenye mzee au mtoto mdogo, mbwa alishwe chakula kilichopikwa au kikavu. Vyombo vyake vioshwe kwa sponji yake peke yake, mbali na vyombo vya watu. Mikono ioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka baada ya kumgusa, na kabla ya kupika na kula.

Kuhusu tohara

Waswahili wengi wa pwani hufuata madhehebu ya Imamu Shafii. Katika madhehebu hayo, mguso wa mbwa unaohitaji kuoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo, ni ule wenye umajimaji, kama mate au manyoya yaliyolowa. Kikavu kikigusa kikavu hakihamishi najisi. Madhehebu mengine yana rai tofauti. Wamaliki, kwa mfano, humhesabu mbwa aliye hai kuwa tohara. Idara ya afya haitoi fatwa, na mwenye shaka amuulize shekhe wake. Lakini tofauti hii ina faida kubwa nyumbani: bibi akijua kwamba kupita karibu na mbwa mkavu hakubatilishi kitu, nusu ya wasiwasi wake huondoka.

Hapa pana hadhari moja ya kiafya. Udongo wa kuoshea usichukuliwe uwanjani anapojisaidia mbwa, kwa maana huo ndio wenye mayai ya toksokara. Uchukuliwe mahali wasipofika mbwa wala paka, utunzwe katika mkebe wenye kifuniko, na baada ya kuosha, mikono isafishwe kwa sabuni. Mkebe mmoja na ndoo moja iliyotengwa huwatosha watu wote wa nyumba.

Mwenye selimundu na mwenye kinga dhaifu

Katika familia nyingi za Kiafrika yupo mwenye ugonjwa wa selimundu. Ugonjwa huo huudhoofisha wengu, kiungo kinachochuja bakteria katika damu. Kinywani mwa mbwa huishi bakteria ambao kwa mtu mzima mwenye afya mara nyingi hawana madhara, bali kwa asiye na wengu unaofanya kazi huweza kuingia katika damu na kumpeleka hospitali kwa haraka sana. Mtu huyo akiumwa, akikwaruzwa, au jeraha lake likirambwa na mbwa, asingoje kuona kama patavimba. Atafute daktari siku ile ile na aseme wazi: “Nina selimundu, nami nimeumwa na mbwa.” Ni hivyo hivyo kwa aliyetolewa wengu, mwenye ini lililodhoofika na anayetumia dawa za kupunguza kinga.

Mtoto mwenye hofu

Mjukuu wa miaka 5 asilazimishwe kumgusa mbwa “ili azoee”. Siku za mwanzo amtazame kutoka upande wa pili wa kizuizi, akiwa na mtu mzima, kwa dakika chache, na aondoke atakapo. Akikubali mwenyewe, wiki ya pili aweza kukaa sebuleni mbwa akiwa amefungwa kamba iliyo mkononi mwa mtu mzima. Wengine huishia hapo, na hapo panatosha.

Afundishwe jambo moja: mbwa akimkaribia, asikimbie wala asipige kelele, kwani kukimbia humfanya mbwa afukuze. Asimame kama mti, mikono kifuani, macho chini, hadi mtu mzima afike. Asimkaribie mbwa anapokula au anapolala. Na mtoto asiachwe peke yake na mbwa, hata kwa muda wa kufungua mlango wa mbele. Watoto wengi huumwa na mbwa wanayemjua, si mgeni.

Mbwa huonya kabla ya kuuma. Hugeuza kichwa, hupiga miayo bila usingizi, huramba pua, hukaza mwili, huonyesha weupe wa jicho, kisha hunguruma. Anayenguruma asipigwe, akizoea kunyamaza kwa hofu ya kipigo, siku nyingine atauma bila onyo. Atengwe na kinachomsumbua, na ikirudiwa, daktari wa wanyama aulizwe. Sheria ya mbwa hatari ya mwaka 1991 humwajibisha mwenye mbwa, na tangu 2014 yahusu pia ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Mtu akiumwa

Jeraha lioshwe mara moja kwa maji ya bomba ya uvuguvugu yanayotiririka, kwa dakika kadhaa, kisha lifunikwe kwa kitambaa safi. Mwenye jeraha la mkono, uso au mguu, lililo la kina, apate ushauri wa daktari siku hiyo hiyo, maana majeraha hayo huambukizwa kwa urahisi. Pia ataulizwa kuhusu chanjo ya pepopunda. Wekundu unaotambaa, uvimbe, usaha au homa ni dalili kwamba maambukizi yameanza. Simu ya 111 hutoa ushauri mchana na usiku, na mkalimani wa Kiswahili aweza kuombwa. Damu isiyokoma, ipigwe 999.

Aliyeumwa au kukwaruzwa na mbwa akiwa Kenya, Tanzania au nchi nyingine yenye kichaa cha mbwa ana hukumu nyingine kabisa. Aoshe jeraha kwa maji na sabuni kwa dakika 15 na aende hospitali siku hiyo, hata kama ni mkwaruzo mdogo. Kama alisafiri bila ya kutibiwa, amweleze daktari hapa mara tu afikapo, hata zikiwa zimepita wiki nyingi, kwa kuwa ugonjwa huo huchukua wiki au miezi kabla ya kujitokeza, na chanjo husaidia kabla ya dalili tu.

Kabla mgeni hajafika

Hakikisha kwamba vizuizi viwili vimewekwa na kuzoeleka. Mbwa amepewa dawa ya minyoo. Kinyesi kimeokotwa uwanjani. Sponji, ndoo na mkebe wa udongo vimetengwa. Chumba cha juu kimefagiliwa na msala umetandikwa. Na watoto wa nyumba wanajua nani hufunga komeo.