Barua ya Daktari Isiyomsaidia Mtahiniwa

Barua nyingi za hospitali ninazoziona mikononi mwa wanafunzi wenye uoni hafifu zina mistari miwili. Wa kwanza unathibitisha kuwa mhusika ana ualbino, au glakoma, au tatizo la retina. Wa pili unaomba asaidiwe. Muhuri upo na sahihi ipo, lakini afisa wa kitengo cha mahitaji maalumu akishaisoma hajui aandae nini. Jina la ugonjwa halimwambii karatasi ya mtihani ichapwe kwa herufi za ukubwa gani.

Tumchukue mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika chuo kikuu hapa Tanzania, mwenye ualbino, anayesoma jiografia. Ana miwani, ila miwani hiyo inamsaidia kwa sehemu tu, kwa sababu katika ualbino tatizo lipo pia kwenye retina yenyewe na kwenye mishipa inayopeleka picha kwenye ubongo. Mwanga mkali unamuumiza macho. Mboni zake zinachezacheza bila yeye kupenda, hivyo akitaka kusoma anageuza kichwa upande mmoja, pembe ambayo mboni zinatulia kidogo. Haya yote yana matokeo ndani ya ukumbi wa mtihani, na hayo ndiyo barua inapaswa kuyasema.

Kwa hiyo safari inaanzia kliniki kabla ya ofisi. Akienda kwenye kliniki yenye huduma ya uoni hafifu, kama CCBRT Dar es Salaam au KCMC Moshi, aombe vipimo viwili viandikwe kwenye ripoti. Kipimo cha mbali, kile cha 6/60 au 6/36, karibu kila daktari atakiandika. Maana yake ni kwamba anachokiona yeye akiwa mita 6, mwenye macho ya kawaida anakiona akiwa mita 60 au 36. Kipimo hicho kinasaidia kuomba kiti cha mbele darasani, lakini karatasi ya mtihani haisomwi kwa mita 6. Kinachohitajika zaidi ni kipimo cha karibu, kinachoandikwa kwa herufi N na tarakimu: N8, N10, N18. Tarakimu hiyo ni ukubwa wa herufi kwa kipimo kilekile cha wachapaji, kile unachokichagua kwenye kompyuta. Anayefikia N10 anaweza, kwa kujikaza, kusoma herufi za ukubwa wa 10 akiwa amevaa miwani yake, kwa umbali uliotajwa kwenye ripoti.

Hapa ndipo wengi wanapokosea, hata wahudumu wa afya. N10 ni herufi ndogo kabisa anayoweza kuitambua, wala si ile anayoweza kuisoma kwa saa tatu. Kwa usomaji wa muda mrefu tunahitaji akiba, na kanuni ya kawaida ni kama mara mbili ya kiwango cha mwisho. Mwanafunzi wetu, mwenye N10, aombe karatasi ya herufi 20. Ripoti ikisema tu “maandishi makubwa”, ofisi itafanya kile kilicho rahisi, yaani kuikuza karatasi ya A4 kwenye mashine ya fotokopi mpaka iwe A3.

Ukifanya hesabu utaona tatizo. Kutoka A4 kwenda A3 kila kitu kinakua kwa takriban mara 1.4, kwa hiyo herufi ya 12 inakuwa 17, pungufu ya ile 20. Ufunguo wa ramani uliochapwa kwa herufi za 8 unafikia 11 tu, umepita kidogo kiwango chake cha mwisho, na fotokopi ikiwa na ukungu hataona kitu. Isitoshe, karatasi ya A3 haienei kwenye viti vya vyuo vyenye kibao kidogo cha kuandikia. Ombi sahihi ni faili la mtihani lichapwe upya kwa herufi 20, nyeusi, kwenye karatasi ya A4 isiyong’aa, na ramani zikuzwe peke yake. Kwa kuwa faili liko kwa mhadhiri, jambo hili haliwezi kufanywa asubuhi ya mtihani.

Muda wa ziada nao uombwe kwa hesabu. Baraza la Mitihani la Tanzania limezoea kuwaongezea watahiniwa wenye mahitaji maalumu dakika 10 kwa kila saa, na dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati. Mtihani wa saa 3 unakuwa saa 3 na nusu, na wa Hisabati unafika saa 4. Chuo kina taratibu zake na hakilazimiki kufuata viwango hivyo, lakini ukiviweka mezani mazungumzo yanaanza mahali panapoeleweka. Aliye bado sekondari njia yake ni nyingine kabisa: hitaji lake linaingizwa na shule wakati wa usajili wa mtihani, kwa hiyo ripoti ya kliniki imfikie mkuu wa shule kabla ya usajili kufungwa.

Ofisini, nenda na karatasi moja uliyoiandika mwenyewe, ripoti ikiwa nyuma yake. Ya mwanafunzi wetu ingesomeka hivi: “Ninaomba karatasi ya herufi 20; dakika 10 za ziada kwa kila saa; kiti kisichoelekea dirisha; ruhusa ya kutumia lenzi ya kukuzia na kofia. Ninasoma nikiwa nimegeuza kichwa kushoto kwa sababu ya mboni kuchezacheza. Ninaomba wasimamizi wajulishwe.” Sentensi hizo mbili za mwisho wengi huona haya kuziandika. Lakini msimamizi asiyejua, akimwona mtahiniwa amegeukia upande wa jirani mtihani mzima, atafikiri anachungulia. Ni heri jambo hilo liwe kwenye faili mapema kuliko kulieleza mbele ya kamati ya udanganyifu.

Ombi litaje pia majaribio ya darasani. Vyuo vingi hutoa sehemu kubwa ya alama, mara nyingi 40 kati ya 100, kabla ya mtihani wa mwisho wa muhula, na majaribio hayo huendeshwa na mhadhiri mwenyewe bila ofisi ya mitihani kuhusika. Hapo ndipo mipango mizuri hupotea. Mwombe afisa aandike barua kwa mkuu wa idara, inayotaja mahitaji tu bila maelezo ya ugonjwa. Mhadhiri anahitaji kujua herufi 20. Historia ya macho yako ibaki kwenye kabati la kitengo. Chuo kisipokuwa na kitengo, kazi hii huangukia ofisi ya mshauri wa wanafunzi.

Afisa akikataa, usianze na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, ingawa ipo na inakulinda. Muulize kwanza ni kipi kinachokosekana kwenye ripoti. Mara nyingi jibu ni tarehe, au sahihi ya mtaalamu anayetambulika, na hayo yanarekebishika kwa ziara moja ya kliniki. Chukua nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, kwa kuwa maofisa huhamishwa na mafaili hupotea.

Na siku ya mtihani karatasi ikija ndogo, inua mkono kabla hujaandika jibu lolote. Omba msimamizi aandike tatizo hilo kwenye taarifa ya chumba cha mtihani, pamoja na saa uliyolisema, kisha piga simu kitengoni mara tu ukitoka. Ukingoja matokeo ndipo ulalamike, taarifa ya chumba itaonyesha kuwa mtihani ulifanyika bila tatizo lolote.