Mapigo Milioni Nane: Namna ya Kuifanya Chipu Isubiri Nusu Sekunde

Ukiiagiza chipu ya ATmega328P, ile inayokaa kwenye ubao wa Arduino Uno, iwashe na kuzima taa yake ndogo mfululizo bila kusubiri, macho hayataona taa inayomweka. Yataona mwanga mmoja uliofifia kidogo. Chipu hiyo hupokea mapigo ya saa milioni 16 kila sekunde, na amri nyingi za lugha yake ya asembli huisha ndani ya pigo moja, yaani nanosekunde 62.5. Ili binadamu aone kitu, lazima chipu icheleweshwe.

Tuseme tunataka taa ikae nusu sekunde kabla ya kugeuka. Nusu ya milioni 16 ni mapigo 8,000,000, kwa hiyo kazi yetu ni kuandika amri ambazo jumla ya mapigo yake ni hiyo, tena bila kuzidi wala kupungua. Njia ya asili ni kuipa chipu namba na kuiambia ihesabu kurudi nyuma mpaka sifuri:

```
       ldi  r20, 196
ndani: dec  r20
       brne ndani
```

`ldi` inaweka 196 ndani ya rejista r20. `dec` inapunguza moja. `brne` inarudi kwenye lebo `ndani` ikiwa jibu la `dec` bado si sifuri. Jedwali la amri la watengenezaji linaeleza kwamba `ldi` na `dec` huchukua pigo moja kila moja, lakini `brne` ina bei mbili: mapigo mawili inaporuka kurudi juu, pigo moja inapoacha kuruka na kuendelea mbele. Wanaoanza wengi huteleza hapa. Kila duru ni mapigo matatu isipokuwa ile ya mwisho, ambayo ni mawili. Kwa hiyo duru 196 ni 196 × 3 − 1, sawa na 587. Ongeza pigo la `ldi`, unapata 588 kamili. Pigo lililopungua mwishoni limelipwa na lile la mwanzoni, na kanuni inabaki nyepesi: kitanzi pamoja na `ldi` yake hula mapigo mara tatu ya namba uliyoweka.

Hata hivyo 588 ni chini ya maikrosekunde 37. Rejista ni ya biti nane na haibebi zaidi ya 255, kwa hiyo kitanzi kimoja cha namna hii hakitufikishi mbali. Dawa yake ni kukiweka kitanzi hicho ndani ya kingine, na vyote viwili ndani ya cha tatu:

```
subiri: ldi  r18, 72
nje:    ldi  r19, 188
kati:   ldi  r20, 196
ndani:  dec  r20
        brne ndani
        dec  r19
        brne kati
        dec  r18
        brne nje
        nop
        ret
```

Hesabu huanzia ndani kwenda nje. Duru moja ya kitanzi cha kati ni yale mapigo 588, pamoja na `dec` moja na `brne` inayoruka, jumla 591. Duru 188 zinatoa 111,108, na hapa pia pigo linalopungua mwishoni hulipwa na `ldi` ya r19. Duru moja ya nje ni 111,108 na matatu juu yake, yaani 111,111. Zidisha kwa 72 upate 7,999,992. Bado kuna gharama ya kuuita utaratibu wenyewe: `rcall` ni mapigo matatu na `ret` ni manne, hivyo tunafika 7,999,999. Pigo moja lililobaki linajazwa na `nop`, amri isiyofanya chochote ila kupitisha wakati. Milioni nane kamili.

Namba 72, 188 na 196 hupatikana kwa kurudi kinyume. Toa gharama ya kuita na ile `nop` kutoka milioni nane, gawa kwa tatu, utapata 2,666,664. Igawe hiyo kwa namba ya kitanzi cha nje, toa moja, kisha tafuta namba mbili ambazo zidisho lake ni hilo lililobaki na zinazoingia kwenye rejista. Kwa 72 unapata 37,037, ukitoa moja ni 37,036, ambayo ni 188 × 197. Ile 197 hupunguzwa moja na kuwa 196. Si kila namba inakubali. Ukijaribu 44 unabaki na 60,605, ambayo vigawo vyake tasa ni 5, 17, 23 na 31, na hakuna namna ya kuvipanga vikatoa namba mbili zinazotosha. Kwa taa ya kumweka tu, kukosa mapigo elfu kadhaa hakuna atakayekuona, lakini napenda mtu afike kwenye hesabu kamili walau mara moja, kwa sababu baada ya hapo kosa lolote analoliona analijua limetoka wapi.

Na makosa yapo. Lebo `kati` ikishuka mstari mmoja, ikaja baada ya `ldi` ya r20, rejista hiyo haitajazwa upya. Itaanza duru mpya ikiwa sifuri, na kwa rejista ya biti nane kupunguza moja kutoka sifuri kunatoa 255, hivyo kitanzi cha ndani kitazunguka mara 256 badala ya 196. Taa itachukua karibu sekunde 0.65 badala ya 0.5. Lebo `ndani` ikipanda juu ya `ldi`, namba inajazwa upya kila duru, sifuri haifikiwi kamwe, na taa inaganda.

Kosa la aina nyingine halipo kwenye amri kabisa. ATmega328P mpya kutoka kiwandani haifuati saa ya nje ya megahezi 16. Hutumia saa yake ya ndani ya megahezi 8, iliyogawanywa kwa nane, yaani megahezi 1. Utaratibu uleule, wenye mapigo yaleyale milioni nane, utachukua sekunde nane nzima. Kwa hiyo ukiona ucheleweshaji umekuwa mara 16 ya ulivyopiga hesabu, acha kugusa vitanzi na ukague mpangilio wa saa. Saa hiyo ya ndani pia inaweza kupotoka hadi asilimia 10, na hapo usahihi wa pigo mojamoja hauna thamani.

Katizo nalo huiba muda. Likitokea katikati ya kuhesabu, chipu inaondoka, inalihudumia, kisha inarudi kuendelea, na mapigo ya safari hiyo hayamo kwenye hesabu yetu. `cli` huyazuia na `sei` huyaruhusu tena, lakini kuyazuia nusu sekunde nzima kunaifanya chipu kuwa kiziwi kwa kila kitu kingine. Ndiyo maana kwa muda mrefu ni bora kutumia kihesabu muda kilichojengwa ndani ya chipu, na vitanzi vibaki kwa subira fupi.

Kwa maikrosekunde moja, kwa mfano, tuna mapigo 16 tu. Kuita na kurudi kunakula saba, yanabaki tisa. Tisa ni mara tatu ya tatu, kwa hiyo kitanzi kimoja chenye `ldi r20, 3` kinatosha, bila `nop` hata moja.