Herufi Inayofika Benchi la Mwisho

Kanisa moja dogo lilinunua runinga ya inchi 55, likaifunga ukutani kushoto kwa mimbari, na Jumapili ya kwanza maneno ya wimbo yakaonyeshwa juu yake. Safu mbili za mbele ziliimba kutoka kwenye kioo. Safu saba za nyuma ziliimba kwa kukumbuka, na wale wasiokumbuka walifungua vitabu vyao vya Tenzi za Rohoni kama ilivyokuwa tangu zamani. Baada ya ibada kamati ilisema runinga ni ndogo. Niliombwa nikaangalie, nikaenda na rula ya mwanafunzi na futi ya fundi.

Nilianza na rula. Tuliwasha runinga, tukaonyesha wimbo uleule, nami nikapima herufi ndogo “a” pale kiooni. Naitumia “a” kwa sababu haina shingo kama “h” wala mkia kama “g”, na sehemu kubwa ya neno lolote la Kiswahili ni herufi za kimo hicho. Ilikuwa na sentimeta 2. Kanuni ninayoitumia ni nyepesi: kila sentimeta moja ya “a” inasomeka vizuri kwa mita mbili. Sentimeta 2, basi, ni mita nne. Tukavuta futi kutoka kwenye runinga. Benchi la kwanza lilikuwa mita 2.8, la pili 3.7, la tatu 4.6. Rula ilikuwa imetaja benchi lilelile ambalo uimbaji ulikatikia.

Kuna atakayesema mbona yeye anasoma akiwa mbali zaidi ya hapo. Ni kweli. Jicho zima kabisa, kwenye mwanga mzuri, linaweza kutambua herufi ya sentimeta moja na nusu kutoka mita 10. Lakini kutambua herufi moja moja kwenye chati ya daktari wa macho si sawa na kusoma mstari mzima huku unaimba, umeshika mtoto, na miwani umeisahau nyumbani. Kanuni ya sentimeta moja kwa mita mbili inaacha nafasi ya zaidi ya mara tatu juu ya uwezo wa mwisho wa jicho, na kanisani nafasi hiyo hutumika yote.

Sasa tuje kwenye ile namba tunayochagua tunapoandika slaidi, yaani 32, 40 au 60. Namba hiyo haisemi chochote kuhusu ukubwa wa herufi ukutani mpaka ujue runinga ni ya ukubwa gani. Inchi 55 hupimwa kutoka pembe hadi pembe. Kimo cha kioo chenyewe ni sentimeta 68 na nusu hivi. Ukurasa wa PowerPoint una kimo cha pointi 540, na zote zinatandazwa juu ya hizo sentimeta 68. Kwa hiyo maandishi ya 32, kwa mwandiko wa kawaida kama Arial, yanatoa “a” ya sentimeta 2 na kidogo, ambayo ndiyo tuliyoipima. Benchi la mwisho lilikuwa mita 10 kutoka kwenye runinga, likihitaji “a” ya sentimeta 5. Ili kuipata ingebidi kuandika kwa 76.

Jambo moja huwachanganya wengi hapa. Ukurasa wa kawaida wa Google Slides ni mdogo kuliko wa PowerPoint. Kimo chake ni pointi 405 tu. Maandishi ya 57 kule yanaonekana kwenye runinga sawasawa na ya 76 huku. Kwa hiyo mwenzako akikwambia “mimi natumia 60 na yanasomeka”, muulize kwanza ameandikia wapi. Au achana na namba, ushike rula.

Tulijaribu 76. Herufi zilifika nyuma bila shida, ila ukurasa ulibeba mistari minne au mitano tu, na kila mstari herufi ishirini na tatu hivi. Maneno yetu ya Kiswahili ni marefu; mstari mmoja wa wimbo ulijikunja ukawa miwili, na ubeti wa mistari minane ukahitaji kurasa nne. Kijana aliyekuwa akibonyeza alichelewa mara mbili, na kwaya ikamwacha. Kuna mpaka hapa ambao hakuna ujanja wa kuuvuka: herufi kubwa ni maneno machache. Wanaotaka ubeti mzima wa mistari minane usomeke mita 10, kwa runinga moja, watafute ya karibu inchi 80.

Kamati haikuwa na fedha hizo. Lakini nyumbani kwa mzee mmoja wa kanisa kulikuwa na runinga ya inchi 43 iliyokaa bila kazi. Tuliifunga kwenye ukuta wa pembeni, mita tano mbele ya benchi la mwisho, ikitazama nyuma. Maneno yakaandikwa kwa 48. Kwenye runinga ya mbele “a” ikawa sentimeta 3 na kidogo, inayofika mita sita na zaidi, yaani mabenchi manne bila taabu, na la tano kwa kubahatisha. Kwenye ile ndogo “a” ilikuwa sentimeta 2 na nusu, inayofika mita tano, ambako ndiko benchi la mwisho liliko. Ukurasa sasa ulibeba mistari minane, na mstari mmoja zaidi ya herufi thelathini. Runinga mbili za wastani zilifanya kazi ya moja kubwa kwa sababu zilisogea karibu na watu.

Kimo cha kuifunga tulikikosea mwanzoni. Tulijaribu tukiwa tumekaa, ukingo wa chini ukiwa mita moja na nusu kutoka sakafuni, na kila mtu aliona. Tulisahau kwamba wimbo huimbwa watu wakiwa wamesimama, tena kina mama wamevaa vilemba. Tuliipandisha mpaka ukingo wa chini ukafika karibu mita 1.8, tukaiinamisha kidogo mbele, na kwenye kila ukurasa tukaacha sehemu ya chini tupu. Mama mfupi aliyesimama nyuma ya mwanamume mrefu bado atachungulia kati ya vichwa. Hilo runinga haiwezi kulimaliza.

Mwanga wa madirishani unajulikana kwa njia rahisi. Zima runinga, kaa kwenye benchi, utazame kile kioo cheusi. Kama unaliona dirisha ndani yake, utaliona pia wakati wa ibada, likiwa juu ya maneno. Sogeza runinga au weka pazia. Kama huwezi vyote viwili, andika kwa wino mweusi juu ya nyeupe, maana mandhari meusi yanayopendwa na vijana wetu hugeuka kioo cha kujitazamia pindi jua linapoingia.

Darasani kanuni ni ileile, ila rula iwekwe kwenye herufi ndogo kuliko zote, si kwenye kichwa cha somo. Mwalimu wa hisabati akiandika kipeo juu ya x, kile kinamba cha 2 huwa kama theluthi mbili tu ya ukubwa wa wenzake. Mwalimu wa baiolojia akibandika mchoro wa moyo kutoka kwenye kitabu, majina ya mishipa yanaweza kuwa na nusu sentimeta. Nusu sentimeta ni mita moja: anayeyaona ni mwalimu peke yake. Afadhali akuze robo ya mchoro ijaze kioo, kisha robo nyingine.

Vijana walitaka kurusha picha bila waya, nami sikupinga, ila nilitaka wajue kwamba chini ya jina hilo kuna mambo mawili tofauti. La kwanza ni kuakisi: kile kilicho kwenye kompyuta au simu kinaonekana vilevile kwenye runinga. Kompyuta ya Windows hufanya hivyo kwa Miracast. Unabonyeza Win + K, unachagua jina la runinga, na vifaa viwili vinazungumza moja kwa moja bila intaneti. La pili ni kutuma: simu inaiambia runinga video iko wapi, na runinga inaichukua yenyewe kutoka mtandaoni, kama YouTube inavyofanya. Hapo runinga inahitaji intaneti yake, na kwa kawaida iwe kwenye waifai moja na simu. Waifai za wageni mara nyingi huzuia vifaa visionane, ndiyo maana jina la runinga halitokei hata ukisubiri mpaka kesho.

Miracast hupeleka picha kwa runinga moja tu kwa wakati mmoja, na sisi tulikuwa na mbili. Tulinunua kipokezi kidogo cha Miracast, tukakichomeka kwenye kigawanya HDMI chenye mlango mmoja wa kuingilia na miwili ya kutokea, na waya zikatoka hapo kwenda kila runinga. Kompyuta haikuwa na waya. Runinga zilikuwa nazo. Kisha tukabonyeza Win + P na kuchagua Extend, ili wimbo uende ukutani huku aliye kwenye kompyuta akiona ukurasa unaofuata.

Jumamosi, kanisa likiwa tupu, picha ilipita safi kutoka benchi la mwisho. Jumapili, watu wamejaa, ikaanza kukatika. Mwili wa mtu una maji mengi, na maji hunyonya mawimbi ya waifai. Ongeza na simu mia moja mifukoni, kila moja ikitafuta mtandao. Tuliihamishia kompyuta mita tatu kutoka kwenye kipokezi, ikatulia. Hata hivyo picha huchelewa kidogo nyuma ya kidole, kwa hiyo aliye kwenye kompyuta hugeuza ukurasa neno la mwisho la ubeti likiwa bado linaimbwa.

Anayeakisi kutoka kwenye simu aweke kwanza hali ya kutosumbuliwa. Nimewahi kuona ujumbe wa deni ukishuka juu ya somo la Zaburi, wenye kiasi na jina la anayedai.

Akiba yetu ni flashi. Runinga nyingi hazifungui faili la PowerPoint, lakini picha za JPEG zinazifungua, kwa hiyo slaidi zote huhifadhiwa kama picha, flashi ikachomekwa nyuma ya runinga, na rimoti ikageuza kurasa. Umeme uliporudi Jumapili moja katikati ya ibada na kipokezi kikagoma kuwaka, flashi ndiyo iliyotuokoa, isipokuwa kwamba ukurasa wa 1 ulifuatwa na wa 10, halafu wa 11, na wa 2 ukaja baadaye sana. Runinga ilikuwa imepanga majina kama kamusi inavyopanga maneno. Tangu siku hiyo tunaziita 01, 02, 03.