Mabawa Huota Mgongoni

Binti wa dada yangu alikuwa anatimiza miaka 5, na mama yake akataka kadi ya mwaliko yenye picha ya mtoto mwenye mabawa ya kichimbakazi. Fundi wa kwanza alichukua picha ambayo mtoto anatutazama, akayabandika mabawa juu yake. Yakakaa kama stika kwenye mlango wa friji. Mtoto anayetutazama huyaziba mabawa kwa mwili wake, kwa hiyo yanapaswa kuwa leya ya chini, yachomoze nyuma ya mabega na nywele.

Nikaifanya upya mwenyewe kwa Photopea, programu ya bure inayofunguka ndani ya kivinjari. Nilichagua picha ngumu zaidi: mtoto ametupa mgongo kiupandeupande, kageuza shingo anacheka. Hapo mashina ya mabawa yako wazi, hakuna pa kuyaficha.

Mashina niliyaweka katikati ya makombe ya mabega, karibu na uti wa mgongo. Ukiyapandisha begani, mtoto anaonekana kabeba mzigo. Na kwa kuwa amesimama upande, bawa la mbali nililibana kwa Free Transform hadi theluthi mbili ya upana wake.

Picha ya mabawa ilikuwa na mandhari meusi. Nilipoiweka leya kwenye Screen, weusi ukatoweka ukabaki ung'avu mwembamba, na njano ya gauni ikapenya. Lakini pale yalipopita mbele ya ukuta mweupe, mabawa nayo yakayeyuka! Screen huongeza mwanga tu, na cheupe hakiwezi kuzidi kuwa cheupe. Ilibidi niutie ukuta giza kidogo.

Kazi yenyewe ilikuwa kwenye shina, mahali padogo kuliko ukucha. Kwa Layer Mask na brashi laini nilififisha ncha ya kila bawa ili izame kwenye mkunjo wa gauni. Kisha kwa Liquify nikakivuta kitambaa kidogo kuelekea shina, kwa maana nguo iliyopitishiwa kitu haibaki imenyooka. Nikachora na mipasuko miwili midogo. Kivuli nilikipa leya yake kati ya bawa na gauni, kwenye Multiply, nguvu asilimia 30. Rangi yake sikuifanya nyeusi. Niliichota kwenye mkunjo wa gauni lenyewe, kahawia iliyoiva. Mwanga ulitoka kushoto, basi kivuli kikaangukia kulia, kikiwa kikali shinani na hafifu kadiri kinavyoachana nalo.

Mabutu mawili yaliyoning'inia mgongoni niliyanakili nikayaleta juu ya mabawa. Nywele zilizotimuka zingenichosha. Mwisho nikayafifisha mabawa kwa Gaussian Blur ya pikseli 1, maana yalikuwa makali kuliko mtoto mwenyewe.

Kadi ilipofika, bibi yake aliitazama kwa muda, akauliza ni nani aliyelitoboa gauni jipya.