Simu Inapogoma Kulipa kwa Kugusa

Ukigusisha simu kwenye mashine ya malipo ikakaa kimya, vua kava kwanza. Wengi hubandika ndani yake kibati cha kunasa sumaku ya kishikio cha garini, na hicho ndicho mshukiwa wa kwanza. NFC hutumia uga wa sumaku unaopiga mara milioni 13.56 kwa sekunde, na hufika sentimita 4 hivi tu. Uga huo ukikuta bati, huzua humo mikondo ya umeme inayoupinga, nao hufifia.

Ikikubali bila kava, kiondoe kibati au kihamishie mbali na antena. Kwenye aifoni, antena iko ukingo wa juu. Simu nyingi za androidi huiweka katikati ya mgongo au karibu na kamera, yaani pale pale watu wanapopenda kubandika kibati. Basi mwenye androidi agusishe mgongo, si ncha, na atulie kidogo.

Bado? Hakikisha kwenye mipangilio kwamba NFC imewashwa, na kwamba programu yako ya malipo ndiyo iliyochaguliwa. Simu inayosoma kadi nyingine vizuri lakini hailipi, antena yake ni nzima, uliza benki.