Yai au kaburi?

Nikiwa darasa la nne niliandika kwenye mtihani kwamba jibu la kitendawili "Nyumba yangu haina mlango" ni kaburi. Nikakosa, kwa sababu jibu la kitabuni ni yai. Leo, baada ya miaka mingi ya kufundisha Kiswahili, bado naona jibu lile lilistahili kusikilizwa, na hapo ndipo ufundishaji wa vitendawili unapokwenda kombo: mwanafunzi hukaririshwa majibu, asifundishwe kutegua.

Kitendawili chetu mara nyingi hakina umbo la swali. Mtegaji husema "Kitendawili!", hadhira huitika "Tega!", kisha kinachofuata ni kauli tu: fulani wangu yuko hivi, au amefanya vile. Kauli hiyo ni sitiari iliyokatwa nusu. Kitu kinachozungumziwa kimefichwa, kimeachwa kile kinachofanana nacho. Tena ndani ya mfano huo huwekwa jambo lisilo la kawaida. Nyumba kila mtu anaijua, lakini nyumba isiyo na mlango inamshtua msikilizaji, na mshtuko huo ndio unaomwelekeza pa kutafuta.

Chukua "Kuku wangu ametagia miibani". Darasani kwangu huwa sipokei jibu mara moja, maana nikifanya hivyo watoto watatu wepesi huwatafunia wenzao wote. Ninawapa dakika moja ya kimya, kila mmoja amnong'oneze jirani yake, ndipo tunaandika majibu ubaoni. Safari moja tulipata nungunungu, waridi na nanasi. Tukayapitisha kwenye kitendawili, neno baada ya neno. Nungunungu ana miiba kweli, lakini yai liko wapi? Miiba ni mwili wake mwenyewe, hakuna kilichotagwa humo. Waridi lina miiba pia, ila ua lake hukaa juu ya shina, na "miibani" inatutaka tuingie katikati ya miiba. Nanasi likapita: majani yake yenye ncha kali yamezunguka kama kiota, na tunda limekaa katikati kama yai. Kwa dakika kumi zile watoto walikuwa wamejadili kazi ya kiambishi -ni cha mahali bila mimi kutaja neno sarufi.

Sasa lipitishe kaburi langu kwenye kipimo hichohicho. Ni makao, na halina mlango. Neno "yangu" halina uzito hapa, kwani watu husema "kuku wangu" hata kama hawafugi kuku. Kaburi limepita. Yai ndilo jibu lililozoeleka katika jamii, na mwanafunzi lazima alijue, lakini kuzoeleka kwa jibu moja hakulifanyi la pili kuwa kosa.

Baada ya kutegua, watunge. Hapo wengi huanza vibaya. Mwanafunzi mmoja aliniletea "Ni kitu gani cheupe cha kuandikia?" Hilo ni swali la maarifa, halina mfano wala mficho. Nikamwambia aishike chaki, aandike, aniambie anaona nini. Akasema inaacha maneno ubaoni, halafu inapungua. Nikamuuliza ni mtu gani angeweza kuwa hivyo. Akakaa kimya kitambo, kisha akatega: "Mzee wangu mweupe, kila akisema anakonda." Mwenzake akadakia: mshumaa! Tukaupima. Mshumaa unakonda, na unaweza kuwa mweupe, lakini hausemi. Sabuni nayo ikaangukia hapohapo. Ingekuwa kauli ni "Mzee wangu mweupe anakonda" tu, yote matatu yangepita, na kitendawili kingekuwa kimelegea. Neno "akisema" ndilo lililokikaza.

Usiache mji. Hadhira ikishindwa, mtegaji hudai, "Nipeni mji." Watampa Tanga, naye atasimulia alivyofika Tanga, akapokewa, akala na kunywa, ndipo alitoe jibu. Walimu wengi huliruka hili wakidhani ni kupoteza muda. Mimi nimeona mtoto asiyefungua mdomo katika vipindi vya insha akisimulia safari nzima ya Mombasa, na chakula chake, kwa sababu darasa zima lilikuwa likimngoja yeye amalize ndipo lijue jibu.

Kwenu mnaosahihisha mitihani nina ombi moja. Mkikutana na jibu ambalo halimo kwenye mwongozo, lipimeni kwanza kwa kila neno la kitendawili. Likipita, mpeni mtoto alama yake.