Sebule Isione Sinki

Nyumba nyingi zinazojengwa siku hizi Dar es Salaam, Nairobi na miji mingine mikubwa hazina tena mlango kati ya jiko na sebule. Chumba kidogo kinaonekana kikubwa, na anayepika hajifungii peke yake wakati wenzake wanapiga soga. Malalamiko huanza baada ya kuhamia: mgeni akikaa kwenye kochi tu, anatazamana na sinki lenye masufuria ya jana. Dawa wengi wanaijua, ni kaunta au ukuta nusu. Wanapokwama ni kwenye urefu wa kwenda juu, na hapo mara nyingi fundi huachiwa aamue mwenyewe.

Kaunta ya kupikia huwa na urefu wa sentimita 90, yaani futi tatu. Mpishi mfupi atastarehe zaidi kwenye 85. Simama wima, kunja mkono, kisha pima: kaunta iwe chini ya kiwiko kwa sentimita 10 hadi 15. Sasa nenda ukakae kwenye kochi. Macho ya mtu mzima aliyekaa yako kwenye sentimita 110 hivi kutoka sakafuni, kwa hiyo kaunta ya 90 anaiona juu yote, na ubao wa kukatia, na maganda ya vitunguu. Kaunta peke yake inazuia miguu, haizuii macho.

Ukuta nusu unaosimama nyuma ya kaunta hiyo na kuipita kwa sentimita 15 hadi 20 unabadilisha mambo. Ukifika futi tatu na nusu, sawa na sentimita 107, sahani na vikombe vinafichika, huku mpishi aliyesimama akiona sebule nzima na kupitisha sinia la chai bila shida. Ukivuka 120, aliyekaa haoni chochote, lakini na mpishi naye anainua mabega kila anapopitisha sahani, na chumba kinaanza kurudi kuwa viwili. Kabla ya kununua hata tofali moja, panga maboksi matupu pale ukuta utakapokaa, yafikie urefu huo, uishi nayo siku mbili tatu. Hayana gharama, na yatakuonyesha pia kama friji itafunguka.

Tuseme chumba chako ni mita 4 kwa 7, na jiko liko upande wa mwisho. Makabati ya ukutani yanachukua sentimita 60. Acha njia ya 110, ili mmoja akiinama kwenye oveni mwingine aweze kupita nyuma yake. Kisha kaunta ya pili ya 60, na mgongoni mwake ukuta nusu ambao ukishapigwa plasta una unene wa 18. Jumla ni sentimita 248, na sebule inabaki na mita nne na nusu. Ukuta wenyewe usiende mwisho hadi mwisho: uwe mita 3, mita 1 iliyobaki iwe mlango usio na mlango. Wapo wanaobana njia hiyo hadi 70 ili wapate kabati moja zaidi, na wanaijutia siku ya kuingiza friji.

Tukija kwenye ujenzi, tofali za inchi sita zenye kimo cha inchi tisa, pamoja na udongo wa saruji katikati, zinakupa karibu mita 1 kwa kozi nne. Juu yake mimina mkanda wa zege wa sentimita 5, kisha graniti ya sentimita 2, na hapo umefika 107 bila kukata tofali. Kwa mita 3 utatumia tofali kama 26. Nunua 30, kwa kuwa zingine zitavunjika.

Udhaifu wa ukuta huu ni ile ncha iliyo wazi. Ukuta mzima hushikwa juu na linta na paa, lakini huu haujashikwa na kitu. Watoto wataukalia, wageni wataegemea, na baada ya miezi michache utaona ufa mwembamba wima pale unapokutana na ukuta wa zamani. Kuuzuia, fundi atoboe jamvi kwenye ncha, achomeke nondo za milimita 12 na kuzigandisha kwa gundi ya nondo, amimine nguzo ndogo ya zege inayopanda hadi kwenye mkanda. Upande wa pili atoboe ukuta wa zamani na kuingiza vipande vya nondo kila baada ya kozi mbili. Zege likishakomaa, weka glasi iliyojaa maji juu ya ncha, kisha sukuma kwa kiganja. Maji yakitikisika, usikubali plasta ipigwe.

Uzito nao si mchezo. Ukuta huo mfupi, pamoja na plasta, unapita tani moja. Kwenye nyumba ya chini iliyoshindiliwa vizuri hilo linabebeka, na kama jamvi halijamwagwa, lifanywe nene zaidi mahali hapo. Ghorofani usijenge kwa tofali bila mhandisi kuangalia michoro. Fremu ya mbao au chuma iliyofunikwa kwa mbao za kabati itafanya kazi ileile ya kuficha.

Nyaya na mabomba yapangwe kabla ya plasta. Ukuta nusu ni mahali pazuri pa soketi za blenda na birika, mradi zikae mbali na sinki. Sinki lenyewe ukitaka kulihamishia hapo, kumbuka bomba la maji machafu linahitaji mteremko, na kwenye nyumba iliyokwisha kujengwa maana yake ni kuchimba sakafu. Mimi ningeliacha chini ya dirisha. Majiko ya gesi ndiyo kabisa yasikae upande huo, maana mafuta ya samaki yanaruka mbali kuliko unavyodhani.

Ukitaka watu wakae kwa upande wa sebule, graniti itokeze sentimita 30 nje ya ukuta ili magoti yapate nafasi, na iwekewe vishikio vya chuma chini, kwa sababu jiwe la sentimita 2 lililotokeza hivyo linaweza kukatika mtu akiliegemea. Kila mkaaji apewe sentimita 60 za upana. Stuli ziwe na kiti cha sentimita 77 hivi. Zile za dukani za 65 ni za kaunta ya futi tatu, hapa mtu atakuwa na sahani kifuani. Na fundi wa graniti aje kupima plasta ikishakamilika, asikate jiwe kwa vipimo vya mchoro.

Ukuta nusu hauzuii harufu wala moshi. Hilo ni kazi ya dirisha na feni ya kutoa hewa nje, iwekwe karibu na jiko, juu. Jiko la mkaa halina nafasi kabisa ndani ya chumba cha namna hii: sumu yake haina harufu, na hakuna mlango wa kuitenga na sebule.

Mtungi wa gesi wengi huuficha kwenye kabati chini ya kaunta hiyo mpya, na hapo ndipo pabaya. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inatulia sakafuni, na kabati lililofungwa na kuegemea ukuta usio na tundu huigeuza kuwa mtego. Mtungi ukae nje, bomba lipite ukutani. Ukilazimika kuuweka ndani, ukae upande wa ukuta wa nje wa nyumba, na kabati liwe na matundu chini kabisa yanayotokea nje. Ukisikia harufu, usiguse swichi wala ya taa wala ya feni. Funga mtungi, fungua milango na madirisha, toa watu nje.